Saini Kabla ya Kamera: Idhini na Malipo ya Wateja, Wafanyakazi na Watoto katika Video za Matangazo ya Biashara

(Mhadhara uliotolewa mbele ya wafanyabiashara, walimu, wapiga picha na viongozi wa mitaa wa Kiwalani, Dar es Salaam)



Waandaaji wa mkutano huu wanastahili shukrani kwa kuchagua mada ambayo kwa kawaida hujadiliwa baada ya ugomvi kuzuka. Katika kata kama Kiwalani, iliyobanana kati ya viwanda vya Barabara ya Nyerere na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, muuzaji na mnunuzi hufahamiana kwa majina ya watoto wao, na ombi la kusimama mbele ya kamera ya dukani huonekana kuwa jambo la ujirani ambalo kulitilia karatasi ni kama kumshuku mwenzako. Ujirani huo haupuuzwi hapa, ila ndio hasa unaomfanya mtu akubali kabla hajajua anachokikubali, na akishakijua aone haya kukikataa.

Kusudi la mhadhara ni kueleza namna mfanyabiashara mdogo, asiye na wakili wala kampuni ya matangazo, anavyoweza kupata idhini ya maandishi inayosimama mbele ya sheria, na namna ya kukokotoa malipo ya haki kwa makundi matatu ya watu wanaotumika kama waigizaji katika video fupi za biashara, yaani wateja, wafanyakazi na watoto. Ili hoja zisielee hewani, zote zitapimwa kwa mfano mmoja wa kubuni, nao ni duka la sare za shule linalotaka kutengeneza video ya sekunde 45 mwezi Desemba, kabla shule hazijafunguliwa Januari, ikionyesha mama anayenunua sare, muuzaji anayempimia mtoto, na mtoto mwenyewe wa miaka 9 akitabasamu ndani ya shati jipya.

Hoja ya kwanza: idhini ya kurekodiwa siyo idhini ya kutumiwa

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahesabu kuwa taarifa binafsi ni taarifa yoyote iliyorekodiwa inayomhusu mtu anayeweza kutambulika, na sura na sauti ya mtu katika video haviwezi kukwepa maana hiyo. Kwa lugha ya sheria hiyo, mwenye duka anayeamua video itengenezwe kwa ajili gani ni mkusanyaji wa taarifa, mpiga picha anayeifanya kazi hiyo kwa niaba yake ni mchakataji, na mama aliyerekodiwa ni mhusika wa taarifa. Majina hayo yana uzito, kwa sababu lawama ya kwanza humwangukia mkusanyaji hata kama video iliwekwa mtandaoni na mpiga picha, na mwenye duka anayejitetea kwamba kijana wa kamera ndiye aliyeirusha anajitetea mahali pasipo na utetezi.

Makosa mengi huanzia katika kudhani kwamba mtu aliyeiona kamera na asikimbie amekubali kila kitakachofuata. Jirani zetu wa Kenya wamekwisha kulipa ada ya somo hilo. Mwezi Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya nchi hiyo iliitoza klabu ya Casa Vera Lounge ya Nairobi shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja wake katika mitandao ya kijamii bila ridhaa yake. Mteja alikuwa mahali pa starehe, miongoni mwa watu, na kwa mawazo ya kawaida mtu wa namna hiyo anaweza kupigwa picha na yeyote. Lakini chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 2019 mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa uko kwa anayeitumia taarifa. Kibao cha mlangoni kinachosema kwamba eneo lina kamera kinatoa habari za ulinzi, na hakiwezi kugeuzwa kuwa ruhusa ya kumtangaza mteja.

Kwa hiyo fomu inayofaa hutenganisha ruhusa mbili, na kila moja hupewa saini yake. Ya kwanza hutiwa saini kabla ya kamera kuwashwa, nayo humruhusu mpiga picha kurekodi siku fulani, mahali fulani, kwa jambo fulani. Ya pili hutiwa saini baada ya mhusika kuitazama video ikiwa imekwisha kuhaririwa, yaani imekwisha kukatwa, kupangwa na kuwekewa muziki na maandishi, nayo ndiyo inayoruhusu video hiyo itumike. Pengine msikilizaji mmoja au wawili wanaguna kwamba huo ni usumbufu wa mara mbili. Basi wafikirie mama wa mfano wetu akisema mbele ya kamera kwamba shati ni imara ila mikono yake ni mirefu mno, kisha mhariri akaikata nusu ya pili ya maneno hayo. Mama alikubali kurekodiwa akisema kweli, lakini hakukubali kuonekana akisema nusu ya kweli, na njia pekee ya kulijua hilo ni kumwonyesha kazi iliyokamilika kabla haijatoka. Tena mteja aliyefundishwa maneno na kulipwa, akionyeshwa kana kwamba anatoa ushuhuda wake mwenyewe, anamwingiza mwenye duka katika Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Tangazo la aina hiyo lionyeshe wazi kwamba ni igizo.

Ndani ya ruhusa ya pili kuna mambo manne yasiyotakiwa kuachwa wazi. Jambo la kwanza ni mahali pa matumizi, ambapo kurasa za duka za Instagram na TikTok na stetasi ya WhatsApp zitajwe kwa majina, kwa kuwa maneno kama "mitandao yote na vyombo vyote" yanamfanya mama aliyekubali kuonekana na majirani ajikute katika bango la barabarani. Jambo la pili ni muda, na kwa video ya msimu wa shule miezi mitatu inatosha. La tatu ni ukomo wa kupitisha kwa wengine, yaani kama kiwanda kinacholiuzia duka vitambaa kinaweza kupewa video hiyo nacho kikaitumia. Jibu la kawaida liwe hapana mpaka mhusika aulizwe upya. La nne ni namna ya kuiondoa idhini, ambapo fomu itaje namba ya simu ya kupigia na idadi ya siku ambazo ndani yake duka litakuwa limeishusha video. Mwenye duka awe mkweli hapa: anaweza kuishusha katika kurasa zake na kusimamisha matangazo ya kulipia, lakini nakala ambazo watu wamekwisha kuzipakua na kutumiana hazirudi, na mhusika anapaswa kulisoma hilo kabla ya kutia saini.

Fomu iwe kwa Kiswahili, isomwe kwa sauti hata kwa anayejua kusoma, na asiyejua kusoma aweke dole gumba mbele ya shahidi wa kumchagua yeye mwenyewe, asiwe mfanyakazi wa duka. Nakala moja hubaki kwa mhusika. Faili la video nalo lipewe namba ileile ya fomu, kwa sababu baada ya mwaka mmoja duka lenye video 60 na bahasha moja ya karatasi zisizo na namba halina ushahidi wowote, ingawa kila mtu alitia saini.

Hoja ya pili: mfanyakazi hawezi kuombwa kama mteja anavyoombwa

Mteja asiyependa kurekodiwa huondoka na fedha zake akanunue duka la pili. Muuzaji wa duka hana mlango huo, kwa kuwa anayemwomba ndiye anayemlipa mwisho wa mwezi. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inalitambua jambo hili katika kifungu cha 16, kinachoeleza ushawishi usio halali kuwa ni hali ambapo upande mmoja una nafasi ya kuyatawala mapenzi ya upande wa pili na ukaitumia kupata faida isiyo ya haki. Saini ya mfanyakazi, hata ikiwa safi kiasi gani, inaweza kutiliwa shaka ikiwa mazingira yake yanaonyesha kwamba kukataa kungemgharimu zamu, posho au kazi yenyewe.

Dawa yake huanza na maelezo ya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya ajira yake, yakiwemo maelezo ya kazi atakayoifanya. Muuzaji aliyeajiriwa kuuza na kupima nguo hakuajiriwa kuigiza, na kumwambia kwamba kutokea katika video ni sehemu ya kazi ni kubadili masharti ya ajira kwa mdomo. Zipo biashara zinazoingiza kifungu cha picha ndani ya mkataba wa ajira ili saini moja imalize yote. Njia hiyo ni nyepesi kwa mwajiri, lakini inaichanganya idhini na riziki ya mtu, na mhadhara huu hauipendekezi. Fomu ya idhini ikae peke yake, itolewe siku kadhaa kabla ya kurekodi, na iseme kwa maneno mepesi kwamba asiyetaka hatahojiwa sababu na wala zamu zake hazitaguswa. Njia mojawapo ya kupima kama uhuru huo ni wa kweli ni kutazama waliokataa: duka lenye wauzaji sita ambamo wote sita wamekubali siku ileile waliyoulizwa lina sababu ya kujiuliza waliulizwaje.

Jambo ambalo husahaulika mara nyingi ni siku mfanyakazi anapoondoka. Muuzaji aliyehamia duka la mtaa wa pili huendelea kuonekana akilisifu duka aliloliacha, pengine aliloliacha kwa ugomvi, na mwajiri wake mpya huuliza yuko upande gani. Fomu iamue mapema kwamba ajira ikikoma, matumizi ya sura yake yatakoma ndani ya siku 30, au yataendelea hadi mwisho wa muda uliokwisha kulipiwa na si zaidi. Mwenye duka anayechelea gharama ya kutengeneza video upya ana njia rahisi ya kujikinga, nayo ni kurekodi mikono ya muuzaji ikipima, ikikunja na ikifunga, bila ya uso wake.

Hoja ya tatu: mtoto hana saini, lakini ana kauli

Chini ya Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya umri wa miaka 18. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nayo imeziweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti, yaani zile ambazo madhara ya kuvuja kwake ni makubwa kuliko kawaida, na taarifa za kundi hilo haziruhusiwi kuchakatwa kwa kawaida bila idhini ya maandishi iliyotangulia, ambayo inaweza kuondolewa wakati wowote bila maelezo na bila gharama. Kwa hiyo mahali ambapo mwenye duka angeweza kubishana kama ruhusa ya mdomo ya mtu mzima inatosha, kwa mtoto hana nafasi ya ubishi.

Idhini hiyo hutolewa na mzazi au mlezi halali, na hapa ndipo walimu wakuu waliohudhuria wanapohusika moja kwa moja. Mwezi uleule wa Septemba 2023 uliotajwa hapo juu, Roma School ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi wao, faini iliyozidi mara mbili ile ya klabu. Shule haina mamlaka ya kumkubalia mtoto kuonekana katika tangazo la duka la sare, hata kama duka hilo ndilo linaloihudumia shule, na mstari mmoja wa ruhusa ya picha uliofichwa ndani ya fomu ya kujiunga na darasa la kwanza hauwezi kubeba tangazo la biashara la miaka minne baadaye. Shangazi aliyemleta mtoto dukani naye hatoshi, isipokuwa awe ndiye mlezi wake. Wazazi waliotengana wakipingana, video isitengenezwe na mtoto huyo. Hakuna msimu wa sare unaostahili kumpeleka mtoto katikati ya mashauri ya wazazi wake.

Mzazi akishasaini, kazi haijaisha. Sheria ya Mtoto inampa mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni haki ya kuyatoa, na mtoto wa miaka 9 anao uwezo wa kusema kwamba hataki kuvuliwa fulana mbele ya watu. Aulizwe yeye mwenyewe, kwa maneno yake, mzazi akiwa kando, na akisema hapana au akaanza kulia, kamera izimwe bila mazungumzo ya peremende. Kubadilisha nguo kufanyike nyuma ya pazia pamoja na mzazi, kamera ikiwa imezimwa na si imegeuzwa tu. Kurekodi kuwe siku ya mapumziko au baada ya masomo, kusizidi saa mbili pamoja na kupumzika, na mpiga picha asibaki na mtoto peke yake hata dakika moja.

Hatari kubwa zaidi ya mtoto katika video ya sare, hata hivyo, haiko katika chumba cha kurekodia. Iko katika nembo. Shati lenye nembo ya shule, pamoja na sura ya mtoto, jina lake likiitwa na mama, na jina la mtaa lililoandikwa chini ya video, humweleza mgeni yeyote mwenye nia mbaya mtoto huyo anasoma wapi na anaitwaje. Mambo hayo manne yasikutane. Duka litumie sare isiyo na nembo au liifunike, mtoto aitwe kwa jina la igizo, na video isitaje shule. Picha ghafi, yaani vipande vyote ambavyo havikuingia katika video iliyokamilika, zifutwe katika simu na kompyuta ya mpiga picha ndani ya siku zilizokubaliwa, naye athibitishe kwa maandishi, kwa sababu vipande hivyo ndivyo hubaki bila mwenyewe na ndivyo huzuka mahali visipotarajiwa.

Linabaki swali gumu, kama mtoto wa miaka 9 anaruhusiwa kuifanya kazi hiyo kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na aliyefikisha 14 anaweza kufanya kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya yake wala mahudhurio yake shuleni. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Namba 138 wa mwaka 1973, ambao Tanzania imeuridhia, unaacha nafasi katika ibara yake ya 8 kwa vibali vya mtu mmojammoja vya kushiriki katika maonyesho ya sanaa, vinavyotolewa na mamlaka husika na kuweka mipaka ya saa na masharti. Nafasi hiyo ni ya kibali, si ya mwenye duka kujiamulia, na mtu asijidanganye kwamba tangazo la sare ni sanaa kwa kuwa tu lina muziki. Msimamo wa mhadhara ni kwamba mtoto wa chini ya miaka 14 asifanywe mwigizaji wa kurudiarudia wa biashara yoyote. Ushiriki wa mara moja, wa muda mfupi, ufanyike baada ya kumshirikisha ofisa ustawi wa jamii, na akishauri vinginevyo, duka litundike sare kwenye sanamu ya mbao na kuendelea na biashara.

Hoja ya nne: malipo yana sehemu mbili, na sare ya bure si mojawapo

Kifungu cha 25 cha Sheria ya Mikataba kinasema kwamba makubaliano yasiyo na kitu cha thamani kinachotolewa na kila upande, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, ni batili. Tafsiri yake kwa mwenye duka ni ya kibiashara kabisa: karatasi ya idhini isiyo na malipo ni hisani tu, na mtoa hisani anaweza kubadili nia wakati tangazo limekwisha kulipiwa. Malipo yanamlinda mlipaji vilevile, ingawa hayaondoi haki ya mhusika kuiondoa idhini yake pale sheria inapoitoa.

Sehemu ya kwanza ni malipo ya kazi, yanayofidia saa ambazo mtu alizitoa. Sehemu ya pili ni malipo ya matumizi, yanayofidia ukweli kwamba sura yake itaendelea kuuza sare wakati yeye amelala. Wafanyabiashara wengi hulipa ya kwanza tu, tena kwa soda na nauli, kisha hushangaa mtu anaporudi baada ya miezi sita akidai. Kuhusu kulipa kwa bidhaa, hakuna ubaya mhusika akipenda mwenyewe, mradi thamani yake iandikwe kwa shilingi na aweze kuchagua fedha badala yake.

Ukokotoaji ni rahisi zaidi kwa muuzaji, kwa sababu sheria imekwisha kuweka kanuni. Tuseme mshahara wake wa msingi ni shilingi 390,000 kwa mwezi. Jedwali la kwanza la Sheria ya Ajira hugawa mwezi kwa wiki 4.333, na wiki ya kawaida ina saa 45, kwa hiyo mwezi una saa 195 na kila saa ni shilingi 2,000. Video ikirekodiwa ndani ya saa zake za kawaida, malipo ya kazi yamo tayari katika mshahara. Ikirekodiwa kuanzia saa 11 jioni hadi saa 2 usiku baada ya zamu, hizo ni saa tatu za ziada, ambazo huhitaji makubaliano na hulipwa mara moja na nusu, yaani 3,000 kwa saa na jumla 9,000. Ikirekodiwa siku yake ya mapumziko ya wiki, kila saa hulipwa mara mbili, hivyo saa tatu ni 12,000. Malipo ya matumizi huongezwa juu ya hapo, wala hayamezwi na mshahara.

Kwa mama mteja hakuna jedwali, na kigezo cha haki ni kile anachokiacha ili aje kurekodiwa. Ikiwa ni mama lishe ambaye nusu siku humwingizia faida ya shilingi 25,000, malipo ya kazi yasishuke chini ya hapo, na nauli iwe kando. Kuhusu matumizi, njia inayoweza kutetewa ni kuyafunga na bajeti ya tangazo. Tuseme mwenye duka ametenga shilingi 600,000, ambapo 300,000 ni za mpiga picha na 100,000 ni za kusukuma tangazo mtandaoni. Katika 200,000 zilizobaki, watu watatu wanaweza kupewa 30,000 kila mmoja kwa miezi mitatu ya matumizi, jumla 90,000; mama huongezewa 25,000 za kazi na 5,000 za nauli, muuzaji 9,000 za saa za ziada, na mtoto 20,000 za kazi, ambazo hakuna sababu ya kuzifanya ziwe za mfano tu kwa kuwa ni mdogo. Jumla ni 149,000, na baki ya 51,000 inatosha kwa chakula, fomu na dharura. Takwimu hizi ni za mfano, na kila duka litakuwa na zake, lakini zinaonyesha kwamba bajeti inayomtosha mpiga picha haiwezi kudai kuwa haina chochote kwa wale ambao bila wao kamera isingekuwa na cha kurekodi.

Fedha za mtoto ni zake. Benki za nchini zina akaunti za watoto zinazosimamiwa na mzazi, na malipo yakiingia huko, au risiti ikiandikwa kwa jina la mtoto pale ambapo hana akaunti, huzuia lile jambo linalofahamika na kila mtu ukumbini humu ingawa halisemwi, la sura ya mtoto kulipa deni la mtu mzima. Malipo yote yafanyike kwa njia yenye kumbukumbu kama simu au benki, na siku ya malipo itajwe katika fomu, kwa sababu maneno "tutalipana video ikifanya vizuri" hayana tarehe wala kipimo.

Muda wa miezi mitatu ukiisha, duka lina chaguo mbili tu: kuishusha video au kulipa tena 30,000 kwa kila mhusika na kupata saini mpya. Mwenye duka anayetaka kuipeleka video kwenye televisheni au bango la barabarani aanze mazungumzo upya, kwa kuwa bei ya ukurasa wa duka wenye wafuasi wa mtaani siyo bei ya njia panda inayopitwa na nusu ya jiji.

Yanayofuata

Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024, na inapokea malalamiko ya mtu yeyote anayeamini kwamba taarifa zake zimetumiwa kinyume cha sheria, kama ambavyo mgogoro wa malipo kati ya muuzaji na mwajiri wake unaweza kupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wakusanyaji na wachakataji wa taarifa wanatakiwa pia kujisajili kwa Tume hiyo ya kwanza, na wapiga picha wa kujitegemea waliojaza viti vya nyuma wajihesabu kuwa wamo katika wito huo.

Kazi iliyo karibu zaidi, hata hivyo, inahusu video zilizokwisha kuwekwa. Kila mwenye biashara, kabla ya msimu ujao wa sare, apitie kurasa zake na kuandika orodha ya kila mtu anayetambulika, akianza na watoto. Mtoto ambaye hakuna karatasi ya mzazi wake, video yake ishushwe kwanza na mzazi atafutwe baadaye. Mfanyakazi aliyeondoka apigiwe simu. Mteja anayejulikana aletewe fomu na malipo ya matumizi ya muda uliobaki, na asiyejulikana aondolewe au uso wake ufunikwe, kazi ambayo mhariri wa kawaida huifanya kwa dakika chache. Rasimu ya fomu yenye saini mbili imewekwa mezani karibu na mlango, nakala moja ya mtu mzima na nyingine ya mtoto, na wenyeviti wa mitaa wameombwa wakae nazo ofisini ili mwenye duka asiye na mashine ya kuchapisha asije akatafuta kisingizio. Maswali yanakaribishwa, na itapendeza yakianza kwa wazazi.